Nguo ya mtoto ipimwe kwa kimo, si kwa miaka

Ndugu msomaji, katika mazungumzo yetu ya redioni juma hili tulizungumzia jambo dogo ambalo hata hivyo huwapotezea wazazi fedha nyingi, nalo ni saizi ya nguo za watoto. Wasikilizaji kadhaa wameomba tulichapishe, hasa kwa sababu lina vipimo ambavyo ni vigumu kuvishika kwa kusikia mara moja. Basi nayaweka hapa kwa utaratibu, na nitatumia mifano ya Kasulu na Kibondo, huko nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, ambako nimekuwa nikisimama kwenye meza za mitumba na kwenye vibaraza vya mafundi cherehani kuwasikiliza watu wanavyonunua.

Ukifika gulioni katika wilaya hizo, ukainama mbele ya rundo la nguo za watoto, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Ana miaka mingapi?" Mwuzaji hakuulizi kama mtoto ni mrefu au mfupi, mwembamba au aliyejazia mwili. Wewe nawe unajibu, "Saba." Hapo hapo anachambua rundo, anatazama lebo shingoni, anakutupia suruali yenye namba 7. Unalipa, unafunga fuko lako, unapanda gari kurudi kijijini. Jioni mtoto anajaribu. Ama miguu inaonekana mpaka juu ya vifundo, ama kifungo cha kiunoni hakifungi. Gulio lijalo ni juma lijalo, na mwuzaji wa mitumba hana desturi ya kurudishiwa nguo.

Je, kosa ni la nani? Mwuzaji hakudanganya. Lebo nayo haikudanganya. Kosa ni la kile kipimo chenyewe, yaani umri. Umri hauna urefu wala upana. Watoto wawili waliozaliwa juma moja, katika kijiji kimoja, wakanyonya na kula vizuri, wanaweza kupishana kimo kwa urefu wa kiganja cha mtu mzima wanapofika miaka 7. Kwa mujibu wa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miaka 7 wa wastani ana kimo cha karibu sentimeta 121. Lakini watoto wa umri huo ambao hawana tatizo lolote hupatikana kuanzia sentimeta 111 hivi mpaka sentimeta 132 hivi. Lebo ya "miaka 7" imeshonwa kwa yule wa katikati tu. Wa chini na wa juu hawamo ndani ya lebo hiyo.

Jambo hili si geni hata huko lebo zinakotoka. Kati ya mwaka 1937 na 1939, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima watoto zaidi ya 140,000, wa umri wa miaka 4 hadi 17. Kazi hiyo iliongozwa na mama mmoja aitwaye Ruth O'Brien. Kila mtoto alipimwa sehemu 36 za mwili, kuanzia shingo mpaka kifundo cha mguu. Sababu ilikuwa ni hii hii tunayoizungumza: wazazi walikuwa wakinunua nguo kwa umri, zikigoma kuingia wakizirudisha dukani, na hasara ikiwaangukia wote. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1941 yalisema wazi kwamba umri ni kipimo kibaya cha kuchagulia nguo. Vipimo viwili vilivyoonekana kufaa kuliko vyote ni kimo cha mtoto na mzunguko wa nyonga zake. Kimo kinatoa habari ya urefu wa nguo, nyonga zinatoa habari ya upana wake.

Ulaya walilishika somo hilo vizuri zaidi kuliko Wamarekani wenyewe. Ndiyo maana katika belo moja la mitumba unakuta lebo za lugha tofauti, na ni lazima ujue kuzisoma. Ukiona namba kama 104, 110, 116, 122 au 128, hicho ni kimo cha mtoto kwa sentimeta. Nguo iliyoandikwa 116 imeshonwa kwa mtoto mwenye kimo cha sentimeta 116, awe na miaka 5 au 8. Saizi hizo hupanda kwa hatua ya sentimeta 6. Ukiona namba ndogo kama 4, 5, 6 au 7, aghalabu hiyo ni nguo ya Marekani au Uingereza inayofuata umri, na ya Uingereza mara nyingi huongezewa kimo pembeni. Ikiwa namba ina herufi T mbele yake, kama 3T, ni ya mtoto mdogo aliyeanza kutembea, na sehemu ya makalio imeachiwa nafasi ya nepi. Nguo za Uchina huwa na namba mbili zilizotengwa kwa mkwaju, kwa mfano 120/60. Ya kwanza ni kimo, ya pili ni mzunguko wa kifua ikiwa ni shati, au wa kiuno ikiwa ni suruali. Hiyo ndiyo lebo inayosema mengi kuliko zote, lakini nimeona wauzaji wakiipita bila kuitazama kwa sababu hawaoni umri ndani yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hatua ya kwanza ni kuujua mwili wa mwanao kabla ya kwenda sokoni. Kazi hii haichukui zaidi ya dakika tano. Msimamishe mtoto peku, visigino na mgongo vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Weka kitabu kichwani kwake, upande mmoja ukiwa umekazana na ukuta, kisha chora mstari wa penseli chini ya kitabu. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mstari. Hicho ndicho kimo. Usipime juu ya mkeka wala juu ya nywele zilizosukwa kwa kwenda juu, maana utapata sentimeta za bure.

Halafu pima mizunguko mitatu. Kifua kinapimwa chini ya makwapa. Kiuno kinapimwa usawa wa kitovu, mtoto akiwa amepumua kawaida. Watoto wengi wakiona futikamba huvuta tumbo ndani, basi mwulize habari za shule, akianza kujibu tumbo litarudi mahali pake. Nyonga zinapimwa mahali makalio yalipotokeza zaidi. Ikiwa hakuna futikamba nyumbani, tumia uzi wa katani. Funga fundo moja kwa kifua, jingine kwa kiuno, jingine kwa nyonga, na uzi wa pili uwe wa mguu wa ndani, kutoka mapajani hadi kifundoni. Uzi huo ukiwa mfukoni unasema kweli kuliko lebo yoyote.

Hapa sina budi kusema neno juu ya ile njia maarufu ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni. Wengi wetu tumelelewa nayo. Unakunja suruali ikiwa imefungwa kifungo, unaizungusha ile sehemu ya kiuno shingoni, ncha zikikutana nyuma basi inakutosha. Njia hiyo inategemea ukweli kwamba shingo ya mtu hukaribia nusu ya kiuno chake. Kwa mtoto wa wastani inaweza kukubali. Mtoto wa miaka 7 mwenye shingo ya sentimeta 27 aghalabu ana kiuno cha sentimeta 54 hivi. Lakini mtoto aliyejazia tumbo anaweza kuwa na shingo hiyo hiyo na kiuno cha sentimeta 60, na yule mwembamba akawa na kiuno cha sentimeta 51. Maana yake ni kwamba njia hii hufanya kazi kwa mtoto ambaye hata kwa lebo asingepata taabu, na humtupa yule anayehitaji msaada. Afadhali ule uzi wenye mafundo.

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Nguo zinapopanda saizi, haziongezeki sawasawa kila upande. Katika ile hesabu ya Ulaya, ukitoka saizi 116 kwenda 122, urefu umeongezeka kwa mtoto mwenye kimo cha sentimeta 6 zaidi, lakini kifua kimeongezeka kwa sentimeta 2 au 3 tu, na kiuno kwa sentimeta 1 au 2. Katika zile sentimeta 6 za kimo, karibu nusu huenda miguuni. Kwa hiyo suruali ya saizi inayofuata ni ndefu zaidi kwa sentimeta 3 hivi.

Ukiielewa hesabu hii utaona kwa nini watoto wa aina mbili wanasumbua. Mtoto mrefu mwembamba akipandishwa saizi anapata urefu haraka, na upana unaozidi ni mdogo, unaoweza kupunguzwa. Lakini mtoto mfupi aliyejazia mwili akihitaji sentimeta 4 tu za kiuno, itabidi apande saizi mbili au tatu, na kila saizi inamletea urefu asiouhitaji. Kwa hiyo kanuni zao si moja. Mrefu mwembamba achaguliwe kwa urefu, kisha upana upunguzwe. Mfupi mnene achaguliwe kwa upana, kisha urefu ukatwe. Anayechanganya kanuni hizi mbili huishia kununua mara mbili.

Hebu tuchukue watoto wawili. Nimewapima mwenyewe kwa ruhusa ya wazazi wao, mmoja Kibondo na mwingine Kasulu. Wote ni wavulana wa miaka 7. Wa Kibondo ana kimo cha sentimeta 128, kifua sentimeta 59 na kiuno sentimeta 53. Wa Kasulu ana kimo cha sentimeta 113, kifua sentimeta 64 na kiuno sentimeta 60. Tazama jinsi walivyo: yule mfupi ndiye mwenye kifua na kiuno kikubwa. Lebo ya miaka 7 ni ya kimo cha sentimeta 122 na kiuno cha sentimeta 58 hivi. Haimfai hata mmoja wao.

Tuanze na wa Kibondo. Suruali ya miaka 7 ingempungukia sentimeta 3 miguuni siku ya kwanza, na baada ya mwaka mmoja ingempungukia sentimeta 6, maana mtoto wa umri huu hukua kwa sentimeta 5 au 6 kila mwaka, na nusu yake ni miguu. Mama yake alikuwa na mawazo ya kuchukua ya miaka 10 ili ikae muda mrefu. Hiyo nayo ingekuwa na kiuno cha sentimeta 61 au zaidi, yaani sentimeta 8 za ziada. Fundi anaweza kukusanya sentimeta 3 au 4 kwenye mshono wa nyuma bila nguo kuharibika. Akikusanya 8, mifuko ya nyuma inakaribiana kama macho ya samaki, na makalio yanabaki na kitambaa kinachoning'inia. Kwa hiyo tulimshauri achukue saizi 128, kile kimo chake hasa, ila atafute yenye pindo nene kwa ndani. Geuza nguo utazame: pindo la sentimeta 4 ni akiba ya zaidi ya mwaka mzima. Kiuno cha saizi hiyo kinazidi kama sentimeta 6. Hizo zinamalizwa kwa lastiki ya mgongoni, au kwa zile suruali zenye utepe wa mpira uliotobolewa matundu, unaofungwa kwa kifungo ndani ya kiuno pande zote mbili. Mwuzaji wengi huziona ni kasoro. Kwa mtoto mwembamba hiyo ni suruali bora kuliko zote rundoni.

Shati lake lichaguliwe kwa urefu wa mkono na wa mwili. Upana ukizidi kidogo si neno, hasa katika nyanda za juu ambako asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zina baridi na mtoto huvaa fulana ndani. Jambo la kuangalia ni bega. Mshono wa bega ukishuka mkononi zaidi ya upana wa vidole viwili, shati hilo ni kubwa mno, na kulirekebisha bega ni kazi ya kufumua shati zima.

Wa Kasulu je? Baba yake alipouliza suruali ya miaka 7 haikufunga. Mwuzaji akamletea ya miaka 8, yaani saizi 128, yenye kiuno cha sentimeta 59 au 60. Ikafunga kwa taabu. Ya miaka 9 ikafunga vizuri, lakini miguu ikazidi kwa zaidi ya sentimeta 10. Baba akasema, "Si neno, tutakunja." Hapa ndipo wengi hujikwaa. Suruali ina goti lake. Ikiwa imebana kuelekea chini, ukikata sentimeta 10, goti la nguo linakaa kwenye ugoko wa mtoto, na sehemu nyembamba iliyoshonwa kwa ajili ya kifundo imetupwa, basi mdomo wa suruali unabaki mpana kama wa mtungi. Tena kile kina cha suruali, kutoka kiunoni hadi mapajani, nacho kimeongezeka. Mtoto akitembea mapaja yanavuta kitambaa, na mshono wa katikati hupasuka upesi.

Kwa mtoto huyo kuna njia mbili zilizo bora zaidi. Ya kwanza ni kuchukua saizi 122 yenye lastiki kiuno kizima. Lastiki hiyo hukubali sentimeta 60 bila taabu, na miguu inakatwa sentimeta 4 au 5 tu. Ya pili ni kununua ile suruali ya saizi 128 iliyonyooka, isiyobana chini, na kuifanya kaptula. Kaptula haina goti la kukosewa, na urefu uliozidi unabadilika kuwa kitambaa cha akiba. Fundi mmoja wa Kasulu mjini alinionyesha jinsi anavyotumia vipande vilivyokatwa: hufumua mishono ya ubavuni, akapachika ukanda wa sentimeta 2 kila upande, na kiuno kikapata sentimeta 4. Akaniambia, "Mzee, kukata ni rahisi, kuongeza ndiyo kazi. Mteja akija na nguo fupi mimi sina la kumfanyia." Maneno hayo yafaa kukumbukwa na kila anayesimama mbele ya meza ya mitumba.

Shati la mtoto huyu lichaguliwe kwa kifua. Lilaze shati juu ya meza likiwa limefungwa vifungo, pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha uzidishe kwa mbili. Jumla hiyo inatakiwa izidi kifua cha mtoto kwa sentimeta 8 hadi 10 ikiwa ni kitambaa kisichovutika. Fulana ya kuvutika inatosha ikizidi sentimeta 4. Kwa kifua cha sentimeta 64, tafuta shati la sentimeta 72 hadi 74 kuzunguka. Litakuwa na mikono mirefu kupita kiasi, basi chukua la mikono mifupi na tatizo limekwisha. Sweta lipime juu ya shati, si juu ya ngozi, na liongezewe sentimeta nyingine 3 au 4.

Utaona kwamba nimesema upime nguo yenyewe, sikusema utegemee lebo. Sababu ni kwamba nguo ya mtumba imekwisha fuliwa mara nyingi. Ya pamba inaweza kuwa imerudi, ya kufuma inaweza kuwa imelegea, na pengine fundi wa kwanza alishaikata. Lebo inaeleza jinsi ilivyotoka kiwandani tu. Kwa upande mwingine hilo ni jambo la heri, kwa kuwa nguo iliyokwisha rudi hairudi tena sana. Kitambaa kipya cha pamba ndicho cha kuogopwa. Ukimpelekea fundi kitambaa cha sare, kiloweke na kukikausha kwanza kabla hakijakatwa. Kipande cha mita moja kikirudi sentimeta 4, ile akiba yote ya pindo imekwenda na maji.

Na kwa kuwa tumeitaja sare, tuseme wazi kwamba hapo ndipo fedha inapopotea zaidi. Ada ya shule ya msingi ya serikali ilifutwa mwaka 2001, lakini sare imebaki juu ya mzazi. Kwa mkulima wa Kibondo hayo ni maharage yaliyokwisha pimwa na kuuzwa. Mafundi wengi hushona sare za madarasa ya chini kwa mafungu, kabla ya shule kufunguliwa Januari, wakitumia vipimo vya "darasa la kwanza", "la pili" na "la tatu". Hicho ni kipimo cha umri kwa jina jingine, na kibaya zaidi, kwa kuwa darasa moja linaweza kuwa na watoto wanaopishana miaka miwili au mitatu. Ikiwa mwanao ni wa wastani, nunua iliyoning'inizwa. Ikiwa ni mrefu mwembamba au mfupi aliyejazia, mpeleke kwa fundi akapimwe yeye mwenyewe. Mwombe fundi mambo mawili: pindo la sentimeta 5 chini, na kitambaa cha sentimeta 2 kiachwe ndani ya mshono wa nyuma badala ya kukatwa. Kwa msichana, sketi ya marinda yenye lastiki nyuma hufanya kazi hiyo hiyo, kwani kiuno kinapanuka na pindo linashuka. Kitambaa kinachoongezeka ni kidogo, lakini sare inaishi mwaka wa pili.

Kabla sijafunga, liko jambo moja linalozidi nguo. Mtu akikwambia mtoto wake huvaa nguo za mwenye miaka 4 naye ana miaka 6, usimcheke, wala usimwambie ni urithi tu. Inawezekana kweli ni urithi. Lakini uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 uliona kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa, yaani kimo chao kiko chini mno kwa umri wao. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34. Mtoto aliyedumaa si lazima akonde. Wengi wana mashavu na tumbo, na wakipandishwa kwenye mizani uzito unalingana na kimo chao, basi huonekana wafupi walionona. Ndiyo maana mtoto mfupi mnene hawezi kuamuliwa kwa macho.

Pindo la nguo linaweza kukusaidia kushtuka mapema. Mtoto wa miaka 5 mpaka 10 anayekua vizuri humlazimisha mama kushusha pindo la suruali au sketi kila mwaka. Ikiwa mwaka mzima umepita, na ile alama ya penseli ukutani haijasogea hata sentimeta 4, mpeleke kituo cha afya. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano usingoje mwaka. Anapopelekwa kliniki kupimwa uzito, mwombe mhudumu ampime na urefu pia, kisha auandike kwenye kadi. Uzito peke yake hautamwonyesha mtoto aliyedumaa, na miaka miwili ya mwanzo ndiyo ambayo jambo linaweza kurekebishwa vizuri zaidi. Aliyepimwa na kuonekana mzima, basi na awe mfupi kwa raha zake, na fundi amkatie pindo.

Kwa kifupi, ukienda gulioni usiende na umri wa mtoto kichwani. Nenda na kimo chake, na ule uzi wenye mafundo mfukoni. Mwuzaji akikuuliza, "Ana miaka mingapi?" mjibu kwa heshima, "Ndugu yangu, ana sentimeta 113 na kiuno cha 60." Siku ya kwanza atakushangaa. Wakija wengi wa namna hiyo, naye atazipanga nguo zake kwa kimo.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumzia viatu vya watoto na sababu ya mguu mmoja kuwa mkubwa kuliko mwenzake.